Tanbihi ya Saa 00:12

Ijumaa moja usiku nilisimama kwenye jukwaa la kituo nisichokijua vizuri, begi likiwa miguuni, nikisubiri treni ambayo kwa mujibu wa ratiba ingepita saa 00:12, yaani saa sita na dakika kumi na mbili usiku. Juu ya safu ya treni hiyo palikuwa na herufi ndogo, na chini ya ukurasa tanbihi ya herufi hiyo ilikuwa na maneno mawili tu: "Jumamosi tu". Nilikuwa nimeitafakari sana tanbihi hiyo kabla ya kuondoka. Nilijiambia kwamba ikishapita saa sita usiku Ijumaa itakuwa imekwisha na Jumamosi itakuwa imeanza, kwa hiyo treni ya saa 00:12 ni treni ya Jumamosi, nami nitakuwa mahali panapotakiwa kwa wakati unaotakiwa. Ikafika saa saba, ikafika saa nane, na reli ikabaki kimya. Alfajiri mfanyakazi mmoja wa kituo alinionea huruma, akafungua kitabu cha ratiba kwenye ukurasa mwingine kabisa, akaweka kidole kwenye kituo ambako treni ile huanzia safari yake. Ilikuwa ikiondoka huko saa 19:30 Jumamosi jioni. Inapofika pale tulipokuwa tumesimama, kalenda imekwisha kuingia Jumapili. Nilikuwa nimeitangulia kwa siku nzima.

Saa niliisoma sawasawa, na jina la siku nililisoma sawasawa. Kosa lilikuwa kudhani kwamba siku inayotajwa na tanbihi ni siku ya abiria anayesubiri, kumbe ni siku ya treni. Treni huchukua siku yake pale inapoanzia safari, kisha huibeba hadi mwisho hata ikivuka saa sita usiku njiani. Kosa hilo moja lilinifanya nijifunze upya namna ya kusoma tanbihi, na katika makala hii ningependa kupanga safari moja mbele ya msomaji, tangu ukurasa wa kwanza wa ratiba hadi karatasi ndogo inayotiwa mfukoni. Vituo nitaviita kwa herufi A, B, C na D, na namba za treni na mabasi ni za mfano, lakini alama na tanbihi zenyewe ni za aina ambazo msomaji atazikuta katika ratiba halisi. Safari inaanza A kwa treni hadi B, inaendelea kwa treni ya usiku hadi C, kisha kwa basi hadi D. Ninataka kufika D siku ya Jumamosi, tarehe 21 Juni 2025, kabla ya saa 10:00, yaani saa nne asubuhi.

Kabla ya kunakili saa yoyote, ni lazima kujua kila tanbihi ina mamlaka hadi wapi, na hilo hujulikana kwa mahali alama yake ilipowekwa. Jedwali la kawaida la treni huweka vituo upande wa kushoto, kimoja chini ya kingine, na kila treni hupewa safu yake ya kusimama ambayo husomwa kuanzia juu kwenda chini. Alama ikiwa kichwani mwa safu, chini ya namba ya treni, inatawala safari yote ya treni hiyo. Alama ikiwa ubavuni mwa saa moja katikati ya safu, inahusu kituo hicho kimoja kwa treni hiyo moja. Ikiwa pembeni mwa jina la kituo, inazihusu treni zote zinapopita hapo, na ikiwa juu ya jedwali zima, inalihusu jedwali lote. Watu wengi husoma tanbihi ya kichwani, wakaridhika kwamba treni ipo siku wanayoitaka, wasitazame tena chini. Hapo ndipo tanbihi ya ubavuni huwapata, kwa maana inaweza kusema kwamba treni ile ile, siku ile ile, haifiki kituo chako.

Alama za siku nazo zina mtego wake. Kitabu cha ratiba za reli za Ulaya kinachochapishwa kwa ajili ya wasafiri hutumia namba zilizo ndani ya duara, ambapo ① ni Jumatatu na ⑦ ni Jumapili, na hapo hakuna utata. Utata unaanza kwenye alama zinazokusanya siku kadhaa pamoja. Nyundo mbili zilizopishana ni alama ya siku za kazi, na katika ratiba nyingi za Ulaya siku za kazi ni kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, isipokuwa sikukuu. Herufi Ⓐ katika kitabu hicho ni Jumatatu hadi Ijumaa, isipokuwa sikukuu. Alama hizi mbili zinakubaliana juma zima, zinaachana siku moja tu, na siku hiyo ni Jumamosi, ambayo ndiyo siku ya safari yetu. Nisingemshauri mtu yeyote akariri maana za alama kutoka ratiba moja na kuzipeleka katika nyingine. Orodha ya alama huwa mwanzoni mwa kitabu au chini ya jedwali, na ni mali ya ratiba hiyo peke yake.

Sasa tuanze kupanga. Wengi huanza mahali safari inapoanzia, wakachagua treni nzuri ya kwanza, kisha wakatafuta ya pili inayofuata. Mimi huanza na kipande cha safari chenye tanbihi nyingi na treni chache, kwa sababu hicho ndicho kitakachoamua siku, na vipande vingine itabidi vikifuate. Katika safari hii kipande hicho ni cha kutoka B hadi C.

Jedwali la B hadi C lina treni nne za mchana ambazo hazina alama yoyote kichwani, yaani zipo kila siku ya mwaka wa ratiba. Huondoka B saa 06:40, 10:40, 14:40 na 18:40, na ya mwisho huingia C saa 23:50, wakati hakuna basi tena. Nikiitumia hiyo nitalala C, jambo ambalo sikulipanga. Upande wa kulia wa jedwali, ambako jicho hutarajia treni za usiku, hakuna kitu zaidi. Treni ya usiku, namba 88, imewekwa kushoto kabisa, kabla ya ile ya 06:40, kwa sababu saa yake ya kuondoka B ni 00:12 na kwa mpangaji wa jedwali hiyo ndiyo saa ya kwanza ya siku. Nimeona watu wakiapa kwamba njia fulani haina treni ya usiku, kumbe walikuwa wakiitafuta mwishoni mwa mstari badala ya mwanzoni. Treni 88 inaingia C saa 05:36. Kichwani mwake kuna herufi b, na tanbihi ya b inasema hivi: "Ijumaa na Jumapili kuanzia 13 Juni hadi 31 Agosti, pia 30 Mei, isipokuwa 20 Julai."

Tanbihi ya aina hii husomwa kwa mpangilio, na kila sehemu inaifanyia kazi ile iliyoitangulia. Kwanza kuna siku za juma, Ijumaa na Jumapili. Kisha kuna kipindi, ambacho kinazibana siku hizo ndani ya tarehe mbili, na tarehe zote mbili zinahesabiwa kuwa ndani: 13 Juni 2025 ni Ijumaa na 31 Agosti ni Jumapili, kwa hiyo treni inatembea siku zote mbili. Halafu kuna nyongeza, "pia 30 Mei", ambayo ni Ijumaa iliyo nje ya kipindi na imeingizwa kwa sababu maalumu. Mwisho kuna kutolewa, "isipokuwa 20 Julai", Jumapili ambayo ingekuwa na treni lakini imeondolewa. Kinachosemwa na "isipokuwa" kinashinda yote yaliyotangulia. Ni vizuri kuzithibitisha tarehe hizi kwa kalenda, maana tarehe ya kwanza ya kipindi ikiangukia siku isiyo ya treni, kwa mfano Jumanne, basi safari ya kwanza si tarehe hiyo bali Ijumaa inayofuata, na msomaji mwenye haraka atafika kituoni siku tatu kabla.

Tarehe ninayotaka kufika C ni Jumamosi 21 Juni, na tanbihi haiitaji Jumamosi. Mtu anayesoma kama nilivyosoma mimi usiku ule angeiacha treni 88 hapo hapo. Lakini tukiifuatilia safu yake kwenye jedwali linaloonyesha njia yote, tunaikuta ikianzia kituo kingine cha mbali saa 19:30, na saa zinapanda hadi 23:41, kisha zinarudi 00:08 inapoingia B. Mahali saa zinapoporomoka kutoka 23 hadi 00 ndipo usiku ulipovuka. Ikiwa safari inaanza Ijumaa 20 Juni saa 19:30, basi inapita B Jumamosi 21 Juni saa 00:12 na kuingia C asubuhi hiyo hiyo. Ndiyo treni ninayoitaka, na siku yake ni Ijumaa.

Je, tanbihi zote za siku huhesabiwa kutoka kituo cha mwanzo? Huo ndio utaratibu wa kawaida kwa treni za masafa marefu, na maelezo ya mwanzo wa kitabu hulitaja jambo hilo, lakini kuna majedwali yanayohesabu kutoka kituo cha kwanza kinachoonekana kwenye ukurasa huo, na mengine huandika waziwazi usiku wa siku gani na gani. Njia ya kujiridhisha ni ile aliyonionyesha yule mfanyakazi wa kituo: tafuta namba ya treni hiyo hiyo katika jedwali la mahali inapoanzia, ambako saa ni ya jioni na siku haina utata, kisha linganisha tanbihi mbili. Zikiwa sawa kwa maneno, basi siku inahesabiwa kutoka mwanzo wa safari. Jedwali la B likisema "Jumamosi na Jumatatu" mahali ambapo jedwali la mwanzo linasema "Ijumaa na Jumapili", basi jedwali la B limekwisha kukufanyia hesabu ya kuvuka usiku, na ukiifanya tena utakosea kwa siku nzima upande wa pili.

Wanaotengeneza ratiba za kompyuta wamelitatua tatizo hili kwa namna inayonipendeza sana. Katika muundo wa data unaoitwa GTFS, ambao programu nyingi za safari huusoma, saa ya treni iliyovuka usiku hairudishwi kwenye sifuri. Huendelea kuhesabiwa kupita ishirini na nne, ili ibaki ndani ya siku ile ile ambayo safari ilianza. Kituo cha B kwa treni 88 kingeandikwa hivi:

```
trip_id,arrival_time,departure_time,stop_id,stop_sequence
88,24:08:00,24:12:00,B,4
```

Saa `24:12:00` ya Ijumaa na saa 00:12 ya Jumamosi ni dakika moja ile ile, lakini ile ya kwanza inakuambia treni ni ya nani. Nimechukua tabia hiyo katika karatasi zangu, na kila ninapoona 00 au 01 katika safu ya treni iliyoanza jana yake, naandika 24 au 25 pembeni kwa penseli.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna nafasi ya kukosea zaidi hapa, na pia tuna neno linalotuokoa. Wazee wetu huianza siku magharibi, jua linapotua, kwa hiyo mzee akisema "usiku wa Jumamosi" anaweza kuwa na maana ya usiku unaoitangulia Jumamosi, yaani ule ambao ratiba inauita Ijumaa jioni. Kijana anayefuata kalenda ya ofisini atauelewa kuwa usiku unaoifuata. Wote wawili wanazungumza lugha moja, lakini wanatofautiana kwa saa ishirini na nne, na treni haitawasubiri wakubaliane. Neno lisilo na utata ni "usiku wa kuamkia Jumamosi". Treni 88 ya Ijumaa inapita B usiku wa kuamkia Jumamosi, na hakuna atakayekuelewa vibaya. Kuhusu saa, shauri langu ni kuziandika kama ratiba ilivyoziandika na kuzigeuza kuwa saa za Kiswahili wakati wa kuzungumza tu. Saa 07:10 na saa 19:10 zote ni saa moja na dakika kumi, na kwenye karatasi yenye vipande vitatu vya safari neno "asubuhi" au "usiku" likidondoka, hakuna kitu kitakachokuonya.

Sasa niko C, Jumamosi saa 05:36, na nahitaji basi la kwenda D. Ratiba ya basi huwa fupi kuliko ya treni, lakini tanbihi zake mara nyingi ni nyingi zaidi, kwa sababu basi la mashambani hufuata maisha ya watu wanaolitumia: wanafunzi, wafanyakazi, watalii wa msimu.

Basi 601 linaondoka kwenye kituo cha treni cha C saa 05:55 na kichwani lina nyundo mbili zilizopishana. Orodha ya alama ya ratiba hii inasema kwamba hizo ni Jumatatu hadi Jumamosi, kwa hiyo lipo. Muda mdogo kabisa wa kutoka kwenye treni hadi kwenye basi hapo C umeandikwa kuwa dakika 10, nami nina dakika 19. Inavutia sana. Nafuata safu kwenda chini hadi mstari wa D, na huko naikuta saa 07:40 ikiwa na namba ndogo 3 ubavuni. Tanbihi ya 3 inasema: "Jumamosi huishia E." Kijiji cha E ni kituo cha tatu kabla ya D. Kichwa cha safu kilinikaribisha, na ubavu wake ukanifungia mlango. Kama ningeishia kusoma kichwa, ningeshushwa E bila kujua ni kwa nini.

Basi 603 la saa 06:25 lina nyundo mbili na herufi m pamoja, na m ni "siku za masomo tu". Alama mbili zikiwa kichwani pamoja, kwa kawaida zote mbili lazima zitimie: siku iwe ya kazi na pia iwe ya masomo. Jumamosi si siku ya masomo katika ratiba hii, kwa hiyo basi hili halipo. Tanbihi ya siku za masomo ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu aghalabu haitaji tarehe. Inakutuma kwenye kalenda ya shule ya eneo hilo, na kalenda hiyo haimo katika kitabu cha ratiba. Mgeni hana njia ya kujua kwamba juma fulani ni la likizo fupi. Nikikuta safari inategemea basi la aina hiyo, ninaiacha isipokuwa nimethibitisha kalenda yenyewe.

Basi 605 linaanzia stendi ya mjini C saa 07:10 na kufika D saa 08:55. Katika mstari wa kituo cha treni hakuna saa, kuna mstari mwembamba uliosimama. Maana yake ni kwamba basi linapita bila kusimama. Nafasi iliyoachwa wazi, au nukta mbili, humaanisha kwamba halipiti hapo kabisa, na tofauti hiyo ni muhimu kwa mtu anayedhani atalipungia mkono barabarani. Mstari uliosimama unaniambia nisilisubiri hapo, niende stendi, ambako maelezo ya ratiba yanasema ni mwendo wa dakika 18 kwa miguu. Kuanzia 05:36 hadi 07:10 nina dakika 94, na zinatosha hata treni ikichelewa saa nzima. Halina alama ya siku, lakini lina picha ndogo ya simu. Hili ni basi la kuagiza: halitembei isipokuwa mtu ameliomba kabla, na tanbihi inasema ombi lipokewe kabla ya saa 17:00 ya siku iliyotangulia.

Siku iliyotangulia Jumamosi ni Ijumaa, na Ijumaa saa 17:00 mimi bado niko A, sijapanda treni ya kwanza. Nikisubiri niwe njiani ndipo nipige simu, muda utakuwa umekwisha, na saa 07:10 stendi ya C itakuwa na abiria mmoja asiye na basi. Ndiyo sababu ya kusoma kipande cha mwisho kabla ya kuanza cha kwanza: sharti la basi la asubuhi linatakiwa litimizwe mchana wa siku iliyotangulia, kilomita nyingi kutoka mahali lilipo.

Yapo mabasi mengine mawili. La saa 09:30 lina tanbihi ya msimu, "1 Julai hadi 31 Agosti", kwa hiyo tarehe 21 Juni bado halijaanza, na hata lingekuwepo lingefika baada ya saa nne. La saa 11:40 halina alama yoyote, si kichwani wala ubavuni. Litanifikisha D saa 13:25, nje ya lengo langu, lakini naliandika kwenye karatasi kama akiba. Safu isiyo na alama ndiyo ya kushikilia mipango mingine inapovunjika.

Kabla ya kuondoka kwenye ratiba ya basi, kuna jambo la msimu linalostahili nafasi yake. Msimu wa treni na msimu wa basi ni vitu viwili, na kila jedwali lina tarehe zake za kuanza na kuisha. Katika Umoja wa Ulaya ratiba ya reli ya mwaka hubadilika usiku wa manane wa Jumamosi ya pili ya Desemba, na marekebisho ya kiangazi hufanywa usiku wa manane wa Jumamosi ya pili ya Juni, ambayo mwaka 2025 ilikuwa tarehe 14. Kampuni ya basi inaweza kufuata tarehe hizo, au ikafuata likizo za shule, au mwanzo wa mwezi. Treni yetu 88 ina safari yake ya mwisho ya kiangazi Jumapili 31 Agosti, lakini abiria wake wanashuka C Jumatatu tarehe 1 Septemba, siku ambayo basi la msimu limekwisha jana yake. Walipanda katika msimu mmoja wakashuka katika mwingine. Kwa hiyo kila kipande cha safari hupimwa kwa tarehe ya siku kitakapotumika, wala si kwa tarehe ya siku ya kuondoka.

Kimebaki kipande cha A hadi B, ambacho sasa ni rahisi kwa sababu kinajua kinapotakiwa kufika. Nahitaji kuwa B kabla ya 00:12, na kitabu kinasema muda mdogo kabisa wa kubadilisha treni hapo B ni dakika 12. Kwa hiyo mwisho wa kufika ni saa 24:00 kamili ya Ijumaa. Treni 420 inaondoka A saa 21:10 na kufika B 23:58, nayo ingetosha kwa dakika mbili zaidi ya zinazohitajika. Lakini ubavuni mwa 23:58 kuna alama, na tanbihi yake inasema kwamba siku ya Ijumaa hufika 00:04. Dakika nane zinabaki, na kitabu chenyewe kinasema hazitoshi. Hata bila tanbihi hiyo nisingeichukua. Muda mdogo wa kubadilisha treni unamwezesha mtu kuvuka kutoka jukwaa moja hadi lingine treni ikiwa imefika kwa wakati wake, na haujaongezewa chochote kwa ajili ya kuchelewa. Treni inayofuata ikiwa ni ya kila saa, kuikosa ni hasara ya saa moja. Ikiwa ni treni ya Ijumaa na Jumapili tu, kuikosa ni hasara ya siku mbili, na nafasi ninayoiacha kabla yake huwa kubwa kwa kadiri hiyo.

Treni 416 inaondoka A saa 19:20 na kufika B 21:48. Alama yake ni Ⓐ, Jumatatu hadi Ijumaa isipokuwa sikukuu, na Ijumaa 20 Juni si sikukuu katika kalenda iliyochapishwa nyuma ya kitabu. Nitasubiri B kwa saa mbili na dakika 24. Ni kusubiri kurefu, na ninakukubali kwa moyo mkunjufu.

Baada ya hapo ndipo natafuta karatasi ya marekebisho, ambayo hutolewa baada ya kitabu kuchapishwa na ambayo maneno yake yanafuta ya kitabu. Kwa njia ya A hadi B inasema kwamba kwa sababu ya matengenezo ya reli, kuanzia 16 hadi 22 Juni treni zinazotoka A baada ya saa 19:00 zitaondoka dakika 10 mapema. Wengi hudhani matengenezo huchelewesha tu. Mara nyingi mpangaji huitoa treni mapema ili ifike kwa saa ile ile huko mbele, na abiria aliyekuja kwa saa ya zamani hukuta mgongo wa treni. Saa 19:20 inakuwa 19:10, na kufika B kunabaki 21:48.

Karatasi ya mfukoni ninaiandika kwa tarehe kamili katika kila mstari, hata pale tarehe inapojirudia, na kwa namba ya safari pamoja na saa, kwa kuwa namba ndiyo inayoonekana kwenye ubao wa kituo:

```
Ij 20 Juni  kabla ya 17:00  simu: kuagiza basi 605
Ij 20 Juni  A 19:10   B 21:48           treni 416
Js 21 Juni  B 00:12   C 05:36           treni 88 (ya Ij)
Js 21 Juni  C stendi 07:10   D 08:55    basi 605
akiba:      C 11:40   D 13:25           kila siku
```

Mstari wa tatu ndio ninaoukagua mara mbili. Nauandika pia kwa maneno nyuma ya karatasi, nikianza na "usiku wa kuamkia Jumamosi", ili nikiwa pale B kwenye jukwaa, macho yakiwa mazito na ubao ukiwa unaonyesha saa bila siku, nisilazimike kuifanya hesabu hiyo upya.